Video Moja Si Faili Moja: Acheni Kumgeuza Mzee Kuwa Mti

Wasee, leo nasema kitu ambacho kitaniudhi na baadhi ya marafiki zangu: ukichukua video moja, ukaitupa vile vile TikTok, Instagram, YouTube na Status ya WhatsApp, hujaposti mara nne. Umeposti mara moja na ukaharibu mara tatu. Na kama kwenye video kuna mtu mwingine anaongea, si wewe, basi hiyo hasara si yako peke yako. Ni yake pia, na yeye hata hana akaunti ya kujitetea.

Najua jibu lako. "Buda, kontenti ni kontenti. Algoridhimu itajipanga." Hapana. Algoridhimu haijui nani amekaa upande wa kushoto wa fremu. Haijui neno lipi likifunikwa linageuza sentensi. Hiyo ni kazi yako.

Niko Doldol, Laikipia Kaskazini. Niliacha kampasi, nikarudi nyumbani na simu na tripodi, na kazi yangu sasa ni kushuti video za watu wa huku. Mwaka huu tulishuti wazee wakirina asali kwenye msitu wa Mukogodo. Kwa Wayaaku asali si kitu cha kupaka mkate tu. Zamani ilikuwa hadi mahari. Na lugha yao, Kiyaaku, imebaki kwa wazee wachache sana, kwa sababu jamii ilihamia Kimaasai miaka mingi iliyopita. Kwa hivyo mzee wa aina hiyo akikubali kukaa mbele ya kamera, kila neno lake lina uzito.

Shoti yenyewe ilikuwa ya kulala, yaani 16:9. Mzee amekaa upande wa kushoto anaeleza. Upande wa kulia kijana anapanda mti na kijinga kinachofuka moshi, kwenda kwa mzinga wa gogo. Katikati kuna shina la mtarakwa. Ukiitazama kwenye YouTube ni fiti kabisa: unamwona mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja.

Sasa, kuna ukurasa mmoja mkubwa ukatuomba faili, tukawapa, na tafsiri ya maneno ya mzee tukawapa. Wakaikropu katikati iwe ya kusimama. Wakaweka kapshen chini kabisa. Wakaposti.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye video mzee hayuko. Kijana hayuko. Kuna sauti ya mzee na shina la mti. Tulipomwonyesha, alitazama kimya halafu akauliza, "Mbona nimekuwa mti?"

Tulicheka, lakini sehemu ya pili haikuchekesha. Mahali fulani mzee anasema kwamba moto wanauwasha msituni na kuuzima kabla ya kuondoka. Kapshen ilikuwa na mistari miwili:

Moto tunauwasha hapa msituni,
tunauzima kabla ya kuondoka.

Mstari wa pili ulifunikwa na jina la ukurasa na maelezo ya posti. Watu wakasoma mstari wa kwanza tu. Komenti zikajaa, "Kumbe hawa ndio wanachoma Mukogodo." Mtu aliyekuja kueleza jinsi wanavyolinda msitu akatukanwa kama mchomaji wa msitu. Na aliyeediti hakuwa na nia mbaya. Kwenye apu ya kuediti maandishi yote mawili yalionekana vizuri, kwa sababu pale hakuna vitufe wala jina la akaunti. Hapo ndipo mtego ulipo.

Kwa hivyo tuongee mambo matatu, polepole: umbo la fremu, mahali pa kapshen, na urefu. Nitatumia video hiyo hiyo ya asali.

Umbo: theluthi moja tu

Weka hii kichwani. Video ya kulala ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukitaka kuikata iwe ya kusimama, 9:16, bila kuacha nafasi nyeusi, unabaki na kipande cha upana wa pikseli kama 607. Hiyo ni chini kidogo ya theluthi moja ya picha. Theluthi mbili umetupa.

Wengine wanakwepa kwa kuiweka video nzima katikati ya skrini ya kusimama, halafu juu na chini wanaweka ukungu. Hesabu haibadiliki. Sasa picha yako inajaza theluthi moja ya simu, na mzee ana ukubwa wa njugu. Yaani uchague: ama unaonyesha theluthi ya picha, ama unatumia theluthi ya skrini. Hakuna njia ya bure.

Lakini kuna njia ya akili, na inaanzia siku ya kushuti. Ukishuti 4K, fremu yako ni 3840 kwa 2160. Kipande cha kusimama ndani yake kina upana wa 1215 na urefu wa 2160. Hicho ni kikubwa kuliko 1080 kwa 1920 ambacho TikTok, Reels na Shorts zinahitaji. Maana yake unaweza kukata wima kutoka kwenye shoti ya kulala bila picha kuwa na ukungu. Ukishuti 1080 ya kawaida halafu ukate, unavuta picha zaidi ya mara moja na nusu, na ngozi ya mtu inaanza kuonekana kama ugali uliopoa.

Gharama yake ni nafasi. Dakika moja ya 4K kwa fremu 30 inaweza kula karibu MB 350, na kama simu yako inarekodi kwa HEVC inapungua hadi karibu nusu. Kwa hivyo usishuti siku nzima 4K. Shuti 4K zile shoti ambazo unajua utazikata, na zingine acha kawaida.

Sasa turudi kwa mzee na kijana. Kwenye CapCut unafungua projekti ya 9:16, unaingiza shoti ya 4K, unaikuza mpaka ijaze skrini, halafu unaisogeza hadi mzee awe ndani. Hapo una dirisha la mzee. Unakata klipu pale mzee anaposema "tazama," na kwenye kipande kinachofuata unasogeza hadi kijana awe ndani. Mtazamaji ataona mzee, kisha kijana, kama vile kulikuwa na kamera mbili. Ukweli ni kamera moja na tripodi moja.

Angalizo: kata, usitelezeshe. Vijana wengi wanapenda kulitelezesha dirisha kutoka kwa mzee hadi kwa kijana. Kwenye safari hiyo unapita juu ya shina la mti kwa sekunde moja nzima, na macho hayana cha kushika. Mkato ni safi zaidi.

Na kama ni lazima waonekane wote kwa wakati mmoja, kwa mfano mzee anaposema "sasa" na kijana anafungua mzinga wakati huo huo? Gawanya skrini ya kusimama mara mbili. Juu mzee, chini kijana, kila mmoja 1080 kwa 960. Hicho ni karibu mraba, na mtu mmoja anaingia vizuri.

Kuna shoti ambazo hazikatiki. Ile ya bonde lote kutoka juu ya mawe, ukiikata wima inakuwa picha ya anga na kichaka kimoja. Usilazimishe. Iache YouTube, na kwa zingine simama hapo hapo ugeuze simu, ushuti sekunde tano za wima. Sekunde tano tu. Wenye kusema "mimi nashuti wima tu kila siku" wako sawa kama kwenye video ni mtu mmoja akiongea na kamera. Lakini watu wawili mbali mbali, au mtu na mahali, wima peke yake inakunyima. Na kurudi nyuma ni vigumu zaidi: ukichukua wima ya 1080 kwa 1920 uikate iwe ya kulala, unabaki na urefu wa pikseli kama 607. YouTube kwenye televisheni ya kibanda cha mpira itakuumbua.

Kapshen: sanduku moja dogo

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu kila apu inafunika mahali tofauti. Upande wa kulia kuna vitufe vya moyo, komenti na kushea. Chini kuna jina la akaunti, maelezo na wimbo. Juu kuna vichupo na kitufe cha kutafuta.

Meta, wenye Instagram na Facebook, wanawaambia watu wa matangazo waache wazi asilimia 14 ya juu, asilimia 35 ya chini na asilimia 6 kila upande kwenye Reels. Soma tena hiyo ya chini. Asilimia 35! Kwenye fremu ya urefu wa 1920 hiyo ni pikseli 672. Yaani ile sehemu ambayo sisi wote tulifundishwa na sinema kuwa ndiyo nyumba ya kapshen, kwenye simu ni nyumba ya mtu mwingine.

Halafu kuna jambo la pili. Reels ikitokea katikati ya posti za kawaida, mara nyingi huonyeshwa kwa umbo fupi la 4:5, yaani 1080 kwa 1350. Hapo zinakatwa pikseli 285 juu na 285 chini. Na tangu Januari 2025 vijipicha vya profaili ya Instagram si mraba tena, ni 3:4, ambayo inakata 240 juu na chini. Kichwa cha video ukikiweka juu kabisa, kwenye profaili yako kitaonekana nusu, kama kofia.

Ukikusanya hayo yote unapata sanduku moja ambalo ni salama karibu kila mahali. Ukihesabu kutoka juu, linaanza kama pikseli 285 na kuishia 1250. Kushoto acha 65. Kulia acha 150 kwa sababu ya vitufe. Ndani ya hapo weka kila kitu ambacho mtu lazima asome. Nje ya hapo weka miti, anga, nguo, vumbi, chochote ambacho kikifunikwa hakuna atakayelia.

Hii inabadilisha hata namna ya kupanga uso. Kapshen yangu hukaa kati ya 1050 na 1200, chini kidogo ya katikati. Kwa hivyo uso wa mzee lazima uwe juu yake, kati ya 350 na 900. Ukimweka uso katikati kabisa ya skrini, kapshen itamziba mdomo. Na kwenye ile skrini ya kugawanya, mpaka wa juu na chini uko kwenye 960, kwa hivyo maandishi yanakaa pale pale kwenye mpaka, bila kuziba mtu.

Sasa ukubwa. Sanduku lina upana wa pikseli 865. Herufi za ukubwa wa 60 zinachukua kama pikseli 30 kila moja kwa wastani, kwa hivyo mstari mmoja unabeba herufi kama 28. Kiswahili si rafiki wa hiyo namba, manze. Neno kama "hawakutuonyesha" peke yake lina herufi 15. Kwa hivyo usikate mstari pale nafasi inapoisha. Kata pale maana inapopumua. "Moto tunauwasha hapa / msituni, tunauzima kabla" ni mkato mbaya. Ukisoma mstari mmoja umebaki hewani.

Na kuna muda wa kusoma. Mimi hutumia herufi 15 kwa sekunde. Ile sentensi ya moto ina herufi 58 ukihesabu na nafasi na alama, kwa hivyo inahitaji karibu sekunde nne. Shida ni kwamba mzee aliisema kwa Kimaasai kwa sekunde mbili na nusu. Ukiiondoa anapofunga mdomo, mtu amesoma kama theluthi mbili tu. Suluhisho ni kubaki kwenye uso wake sekunde moja na nusu zaidi. Ukimya wa mzee baada ya kusema jambo zito hauharibu video. Unaipa heshima.

Kwa hii sentensi mimi ningeenda mbali zaidi. Ningeigeuza iwe mstari mmoja: "Hatuachi moto msituni." Herufi 22. Hata kitu kikifunikwa, hakuna nusu inayoweza kusimama peke yake na kumsingizia mtu.

Kwa YouTube ya kulala mambo ni tofauti. Pale usichome maandishi ndani ya picha. Pakia faili ya kapshen pembeni, mtazamaji aiwashe au aizime, na unaweza kuweka Kiswahili na Kiingereza kwa video moja. Faili yenyewe ni maandishi matupu yenye namba, saa na maneno. Unaweza kuiandika kwenye simu na kuihifadhi kama `asali.srt`:

```
1
00:01:12,000 --> 00:01:16,000
Moto tunauwasha hapa msituni,
tunauzima kabla ya kuondoka.
```

Pale koma kabla ya zile sifuri tatu ni lazima. Ukiweka nukta faili inaweza kukataliwa. Uzuri wake ni kwamba ukikosea tafsiri unarekebisha faili bila kupakia video upya.

Na hapa kuna sheria ambayo ningetaka kila mmoja aandike ukutani: maandishi huingia mwisho. Tunza faili mama isiyo na neno hata moja juu yake. Ukishachoma kapshen kwenye video ya kulala, siku ya kuikata wima maneno yatakatwa pande zote mbili, na huwezi kuyatoa. Hiyo ndiyo sababu pia usishushe video yako kutoka TikTok ikiwa na nembo yao inayorukaruka halafu uipeleke Reels. Tangu 2021 Instagram walisema wazi kwamba video zenye nembo ya apu nyingine hazitapendekezwa sana. Rudi kwa faili mama, toa nakala safi.

Utajuaje kama umepatia? Usiamini apu ya kuediti. Piga picha ya skrini ya video ya mtu mwingine kwenye TikTok, moja yenye maelezo marefu. Iweke juu ya projekti yako na uipunguzie nguvu hadi uone picha yako kwa chini. Sasa unaona vitufe vitakaa wapi. Ukimaliza, iondoe. Kisha posti kwanza ionekane na wewe tu, uitazame kwa simu ndogo kuliko yako. Simu ya mama yako, si ya rafiki yako mwenye skrini ya kukunja.

Urefu: usikate mkia, panga upya

Siku hizi mipaka imelegea. Shorts zilikuwa sekunde 60, na tangu Oktoba 2024 zinafika dakika tatu. Reels nazo zikafuata dakika tatu Januari 2025. TikTok unaweza kupakia hata saa nzima. Kwa hivyo swali si "inaruhusiwa ngapi?" tena. Swali ni mtu yuko wapi anapokutana na video.

Kwenye YouTube mtu amesoma kichwa, ameona kava, akabonyeza. Amekuja. Kwa hivyo ile ya asali ilikuwa dakika 6 na sekunde 40, na ilianza na njia ya kwenda msituni, sauti za ndege, mzee akijitambulisha. Kwenye TikTok hakuna aliyekuja. Umemkuta njiani, na kidole kiko tayari. Ukichukua sekunde 48 za kwanza za ile video ya YouTube, unampa njia na ndege. Atapita.

Kwa hivyo ile ya wima haikuwa video fupi ya ile ndefu. Ilipangwa upya. Sekunde ya kwanza ni mkono wa kijana ukiingia kwenye mzinga na nyuki wamemzunguka. Sekunde ya tatu ni uso wa mzee: "Usivute mkono haraka." Kisha tunaeleza kwa nini: moshi, utulivu, kuwaachia nyuki masega ya kula. Jina la mahali linaingia sekunde ya kumi. Inaisha masega yakiwekwa kwenye ndoo. Sekunde 48.

Lakini kabla ya kukata chochote, fanya kitu kimoja ambacho hakichukui dakika tano. Soma tafsiri yote na uweke alama kwa sentensi ambazo haziwezi kutenganishwa. Kila penye "lakini", "ila", "kabla", "isipokuwa", hapo kuna pacha. Moto kuwashwa na moto kuzimwa ni pacha. "Asali tunachukua" na "nusu tunaacha" ni pacha. Ukikosa nafasi ya wote wawili, toa wote wawili. Kumwacha mmoja ni kumsingizia mtu, hata kama kila neno alilisema yeye mwenyewe.

Halafu kuna WhatsApp, ambayo makrieta wa mjini wanaidharau. Huku kwetu ndiyo televisheni. Wazee wenyewe, na watoto wao walioko Nanyuki na Nairobi, waliona video kwa WhatsApp. Na WhatsApp ina tabia yake: video ikisambazwa inaenda peke yake. Hakuna jina la akaunti linaloifuata, na mara nyingi maelezo yanabaki nyuma. Video ya TikTok ina mwenyewe. Ya WhatsApp ni yatima.

Kwa hivyo hiyo nakala lazima ibebe jina lake mwilini. Ile yetu ilikuwa sekunde 28, herufi kubwa za 80 badala ya 60, kwa sababu WhatsApp inaminya video na herufi nyembamba zinaliwa. "Doldol, Laikipia" iko kwenye skrini mwanzo hadi mwisho, ndani ya lile sanduku, na jina la kikundi cha wazee liko chini yake. Kwa kuwa bando si maji, tuliitoa ikiwa nyepesi: ukieksipoti kwa megabiti 8 kwa sekunde, kila sekunde ni MB moja, kwa hivyo sekunde 28 ni MB 28. Ukishuka hadi megabiti 4 ni MB 14, na kwa skrini ya simu tofauti ni ndogo. Na ukimtumia mtu faili mama aiediti, itume kama dokumenti, si kama video, la sivyo anapokea kitu kilichominywa.

"Lakini mimi niko solo"

Najua. Mimi pia. Jibu langu ni kwamba kazi nyingi hairudiwi. Kuchagua shoti, kusafisha sauti, kutafsiri, hiyo unafanya mara moja. Kinachobaki ni kusogeza dirisha, kupanga upya mwanzo, na kuweka maandishi mahali pake. Kwa ile ya asali, nakala ya wima ilinichukua jioni moja na ya WhatsApp saa moja. Kutafsiri na wazee kulichukua siku mbili. Kuharibu kazi ya siku mbili ili kuokoa saa chache hakuna hesabu.

Na kama kweli huna muda, kuna chaguo halali ambalo hakuna anayelitaja: posti mahali pamoja. Weka YouTube tu, ikae vizuri, na kwingine weka picha moja na kiungo. Video nzuri mahali pamoja inamtendea mzee haki kuliko mbovu mahali panne.

Kurasa kubwa ndizo ninazozilalamikia zaidi. Mnapoomba video ya mtu wa huku, msiombe "ile klipu" tu. Ombeni faili mama, ombeni tafsiri yenye alama za pacha, na kabla ya kuposti tumeni nakala kwa aliyeshuti aione kwenye simu, ikiwa na vitufe vyote juu yake. Hiyo ni meseji moja. Tulipowaandikia ule ukurasa, waliondoa posti baada ya siku mbili. Lakini kufikia hapo ilikuwa tayari WhatsApp, yatima, inatembea. Wiki iliyopita mtu alimtumia mjukuu wa yule mzee kutoka Isiolo, akiuliza kama ni kweli Doldol watu wanachoma msitu.

Mjukuu alimjibu kwa kumtumia ile yetu ya sekunde 28. Mstari mmoja, herufi 22, katikati ya skrini.